Kumbukumbu za Mkutano na Ufuatiliaji wa Majukumu: Maswali Ambayo Makatibu wa Kamati Jijini Nairobi Huuliza Mara kwa Mara

Majibu haya yanamlenga katibu wa kamati ndogo: kamati ya wakazi, chama, kamati ya ujenzi wa kanisa au msikiti, kikundi cha vijana. Ili tusizungumze hewani, mfano mmoja unatumika kote. Ni kamati ya watu saba inayosimamia ploti ya nyumba 40 upande wa Embakasi, ambako maji ya mfereji huja kwa mgao na tangi lililopo huisha kabla mgao unaofuata haujafika. Wanakamati wanatajwa kwa namba za nyumba zao.

Huwa tunaafikiana vizuri kabisa, lakini mkutano unaofuata tunaanza mjadala uleule upya. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi liko kwenye sentensi ya katibu. Katika mkutano wa Jumamosi, 5 Aprili 2025, kamati ya mfano wetu ilizungumzia tangi karibu saa nzima. Kwenye kaunta buku kukabaki maneno haya:

> Wanakamati walijadili kwa kina suala la tangi. Ilikubaliwa kwamba suala hilo lishughulikiwe kwa haraka.

Aliyekuwepo akiyasoma usiku uleule anayaelewa, kwa kuwa mazungumzo bado yamo kichwani mwake. Ayasome tena baada ya wiki nne. Nani alishughulikie? Kulishughulikia ni kununua tangi jipya, kuziba la zamani, au kuita bauza mara nyingi zaidi? Pesa zitoke wapi? B4 alitoka mkutanoni akijua kwamba C2 ndiye atakayeulizia bei. C2 naye alitoka akijua kwamba mwenyekiti atampigia fundi. Hakuna aliyezembea hapo. Kila mmoja alingoja mwenzake, na kaunta buku haikuwa na neno la kumkosoa yeyote.

Ukitaka kupima kumbukumbu zako, zipitie ukitafuta maneno kama "lishughulikiwe", "lifuatiliwe", "liangaliwe". Kila unapolikuta mojawapo bila mtu na bila tarehe, hapo pana uamuzi ambao hautatekelezwa.

Uamuzi ule ungeandikwaje basi?

Ungegawanywa sehemu mbili: kile ambacho kamati imekubali, na kazi ambazo watu wamepewa ili kitimie. Hivi:

> KUMB 4/04/2025: Tangi la maji
> Iliamuliwa kwamba kamati inunue tangi la pili la lita 10,000 na kulifunga juu ya paa, gharama yote isizidi KSh 140,000 (shilingi laki moja na elfu arobaini), kutoka akaunti ya ukarabati. Sababu: tangi la sasa huisha siku moja kabla ya mgao. Ilipendekezwa na B4, ikaungwa mkono na A1. Watano walikubali. D3 alipinga, akihofia uzito juu ya paa.
> J14: B4 ataleta kotesheni tatu za maandishi za tangi na ufungaji kwa mwenyekiti kufikia Jumatatu, 14 Aprili.
> J15: C2 atamleta mhandisi wa majengo akague paa, na atawasilisha ripoti iliyotiwa saini kufikia Jumamosi, 26 Aprili.
> J16: Mweka hazina atatuma taarifa ya salio la akaunti ya ukarabati kwenye kundi la kamati kufikia Jumatano, 9 Aprili.
> J17: A1 ataagiza tangi. Linasubiri J15 ikubaliwe na kamati.

Tazama mambo yaliyoingia hapo. Kuna kikomo cha pesa, kwa hivyo fundi akija na bei ya 180,000 kila mtu anajua lazima kamati ikutane tena. Kuna akaunti inayolipa. Kuna sababu, mstari mmoja tu, na mstari huo ndio utakaomjibu mjumbe atakayeuliza mwezi wa nane kwa nini hamkuchimba kisima badala yake.

Mpangilio wa kazi nao una uzito wake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo tangi hilo likijaa linaelemea paa kwa tani 10. Hofu ya D3 ilikuwa ya haki. Ndiyo maana J17 imefungwa kwa J15: kumbukumbu zenyewe zinamzuia A1 kununua tangi kabla paa halijakaguliwa. Ile sentensi ya "lishughulikiwe kwa haraka" isingemzuia mtu.

Jukumu lililokamilika lina nini ndani yake?

Lina mtu mmoja, kazi ambayo mwisho wake unaonekana, tarehe, na kitu cha kuonyesha kwamba imefanyika. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. "C2 atazungumza na mhandisi" ni kazi isiyoweza kukaguliwa. C2 anaweza kusema kweli kwamba alizungumza naye, na bado msiwe na chochote mkononi. "Atawasilisha ripoti iliyotiwa saini" inakaguliwa na yeyote, hata na mjumbe ambaye hakuhudhuria. Ama karatasi ipo, ama haipo.

Tarehe iandikwe pamoja na siku ya wiki. "Mwisho wa mwezi" na "wiki ijayo" hazifai, kwa sababu kumbukumbu husomwa siku nyingine na kila msomaji huhesabu wiki kuanzia pale aliposimama. Ukiandika "Jumatatu, 14 Aprili", siku na tarehe zisipoafikiana mtu atagundua mapema kwamba umekosea.

Watu wanaongea haraka, wengine kwa Sheng, wengine wote kwa pamoja. Nitawezaje kuyaandika yote?

Usiyaandike yote. Katibu hadaiwi hotuba za watu. Anadaiwa kilichoamuliwa, sababu kuu, pingamizi ambalo mwenyewe ameomba liandikwe, na majukumu. Kabla ya mkutano, andika vichwa vya ajenda kwenye kurasa zako, kila ajenda ukurasa wake, na upige mstari wa wima upande wa kulia. Kushoto unaandika madokezo ya mjadala. Kulia huandiki chochote ila majukumu: mtu, kazi, tarehe. Ajenda ikifika mwisho na upande wa kulia bado mtupu, unajua hapo hapo kwamba watu wameongea bila kuamua lolote, au wameamua bila kumkabidhi mtu kazi.

Kisha fanya jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, lina faida kuliko mengine yote yaliyo kwenye ukurasa huu: kila ajenda inapoisha, kabla ya kuingia inayofuata, omba dakika moja na usome kwa sauti ulichoandika upande wa kulia. Kwenye mkutano wetu wa mfano ingekwenda hivi:

"Mwenyekiti, kabla hatujaingia ajenda ya tano, naomba nisome. B4 ataleta kotesheni tatu kufikia Jumatano tarehe kumi na sita."

"Katibu, hiyo Jumatano sitakuwepo. Tunaenda nyumbani kwa Pasaka."

"Basi tuseme Jumatatu, kumi na nne?"

"Jumatatu iko sawa."

"C2 atamleta mhandisi kufikia tarehe ishirini na sita."

"Nitajaribu."

"Niandike jina lako, ama tumtafute mwingine?"

"Andika. Nitamleta."

Maneno hayo machache yameokoa majukumu mawili. Tarehe ya B4 ingepita akiwa safarini, na "nitajaribu" ya C2 imegeuka ahadi mbele ya wenzake. Kusubiri mpaka mwisho wa mkutano ndipo usome yote hakufai, kwa kuwa wakati huo watu wameshasimama, wengine wanawahi matatu kabla nauli haijapanda, na kila kitu kitaitikiwa "sawa, sawa".

Mwenyekiti wetu hapendi kukatizwa. Nitasomaje?

Zungumza naye kando kabla ya mkutano, umwombe aifanye desturi yake mwenyewe: "Katibu, hebu tusomee tulivyoamua." Likitoka kinywani mwake halionekani kama katibu anamsahihisha mtu.

Je, jukumu moja linaweza kupewa watu wawili?

Wanaweza kulifanya wawili, lakini jina la kuulizwa liwe moja. Andika "B4, akisaidiwa na E5". Ukiandika "B4 na E5", siku ya kuulizwa watatazamana. Na "kamati nzima" kamwe isipewe jukumu.

Na aliyekosa kuhudhuria?

Watu hupenda kumtwika kazi asiyekuwepo. Usikatae kuiandika, lakini iandike ilivyo: "J18: F2, bado hajaarifiwa. Mwenyekiti atampigia kufikia Jumatatu, 7 Aprili." Mpaka F2 akubali, kazi ni ya mwenyekiti. Bila hivyo mkutano wa Mei utaanza na F2 akisema anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, naye atakuwa na haki.

Kumbukumbu zitumwe baada ya muda gani?

Tenganisha vitu viwili. Orodha ya majukumu itume usiku uleule, au kesho yake asubuhi, kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Ni mistari michache. Haihitaji lugha ya kupendeza. Rasimu ya kumbukumbu kamili inaweza kufuata ndani ya siku tano hivi, ikiwa na neno RASIMU juu yake, kwa kuwa haijathibitishwa.

Ujumbe wa majukumu ubandike juu ya kundi. Ushikilie kwa kidole, chagua "Pin", kisha muda mrefu zaidi ulioko pale, ambao ni siku 30. Kwa kamati inayokutana kila mwezi hilo linakaribia kutosha mpaka mkutano ujao. Usipoubandika, baada ya siku mbili utakuwa umefunikwa na salamu za asubuhi, matangazo ya mazishi na video.

Nikishaandika majukumu ndani ya kumbukumbu, kuna haja gani ya orodha nyingine?

Kumbukumbu ni picha ya siku moja. Za Aprili zikishatiwa saini hazibadiliki tena, ilhali J15 inaendelea kuishi: inachelewa, inapewa tarehe mpya, inakwama kwa sababu ya pesa. Ukitaka kujua leo hii ni kazi gani ambazo hazijafanyika, hutaki kufungua kumbukumbu za miezi sita moja baada ya nyingine. Kwa hivyo weka orodha moja tu, inayoendelea, ambamo kila jukumu lina namba yake ya kudumu. Namba haianzi upya kila mkutano na haitumiki mara mbili. Ndiyo sababu mfano wetu unaanzia J14: yale 13 ya kwanza yalitoka mikutano iliyotangulia.

Nyuma ya kaunta buku panatosha kabisa ikiwa ndicho mlicho nacho. Ukitumia Google Sheets kwenye simu, safu saba zinatosha, A hadi G:

| Namba | Jukumu | Mhusika | Lilitolewa | Mwisho | Hali | Ushahidi |
|---|---|---|---|---|---|---|
| J14 | Kotesheni tatu za tangi | B4 | 2025-04-05 | 2025-04-14 | Imekwisha | Picha kwenye kundi, 13 Aprili |
| J15 | Ripoti ya mhandisi kuhusu paa | C2 | 2025-04-05 | 2025-04-26 | Bado | |
| J16 | Taarifa ya salio | Mweka hazina | 2025-04-05 | 2025-04-09 | Imekwisha | Taarifa ya benki, 9 Aprili |
| J17 | Kuagiza tangi | A1 | 2025-04-05 | | Inasubiri J15 | |

Kwenye seli H2 weka fomula hii, kisha uiburute chini:

```
=IF(AND(E2<>"",F2<>"Imekwisha",E2<TODAY()),"Imechelewa","")
```

Inasema: kama tarehe ya mwisho imeandikwa, imepita, na hali si "Imekwisha", andika "Imechelewa". Ile sehemu ya `E2<>""` usiiache, kwa sababu bila hiyo jukumu lisilo na tarehe, kama J17, litahesabiwa kuwa limechelewa. Neno "Imekwisha" nalo liandikwe vilevile kila mara. Ukiandika "imeisha" fomula haitalitambua.

Tatizo linalowasumbua wengi hapa ni tarehe. Jedwali likiwa limepangwa kwa mtindo wa Marekani, ukiandika 05/06/2025 ukikusudia tarehe 5 Juni, litaisoma kuwa 6 Mei, na kazi ambayo bado ina siku za kutosha itaonekana imechelewa mwezi mzima. Andika mwaka kwanza, 2025-06-05, na utata unaisha. Dalili ya tarehe iliyosomwa kama maneno tu ni kwamba inakaa upande wa kushoto wa seli. Tarehe halisi hukaa kulia, isipokuwa kama wewe mwenyewe umeisogeza.

Wape wanakamati wote ruhusa ya kuona, lakini kubadilisha iwe kwa katibu peke yake na mtu mmoja wa akiba. Na usifute mstari wowote, hata wa kazi iliyokwisha.

Kwenye mkutano unaofuata, majukumu yapitiwe vipi bila kumaliza saa nzima?

Mahali pake ni kwenye ajenda ya yatokanayo na kumbukumbu zilizopita, mara tu baada ya kumbukumbu kuthibitishwa. Soma orodha kwa namba. Yaliyokwisha yanatajwa na kupitwa, hayajadiliwi upya. Kwa yaliyochelewa uliza maswali mawili tu: ni nini kimezuia, na tarehe mpya ni ipi? Jibu la "inaendelea" usilipokee hivi hivi. Uliza ni kipi kimefanyika na kipi kimebaki.

Turudi kwenye mfano. Jumamosi, 3 Mei, J14 na J16 zimekwisha. Salio ni KSh 163,000. J15 imechelewa kwa wiki moja. Angeulizwa kwa ukali, C2 pengine angejitetea tu. Alipoulizwa ni nini kimezuia, alieleza kwamba mhandisi anataka KSh 15,000 za ukaguzi, na kamati haikutenga hata shilingi kwa kazi hiyo. Mnaona? Kosa halikuwa la C2. Uamuzi wa Aprili ulikuwa na tundu, na kufuatilia ndiko kulikolifichua. Kamati ikapitisha KSh 15,000 kutoka akaunti ileile. Mweka hazina akathibitisha papo hapo kwamba 140,000 na 15,000 ni 155,000, bado ndani ya salio. J15 ikapewa tarehe mpya, Jumamosi, 17 Mei. Namba haikubadilika, na tarehe ya zamani haikufutwa. Iliandikwa kwenye safu ya ushahidi kama "iliahirishwa kutoka 26 Aprili, ada haikuwa imetengwa".

Jukumu likiahirishwa mara ya tatu, usikubali tarehe ya nne bila kamati kuamua. Ama lihamishiwe mtu mwingine, ama likatwe liwe dogo zaidi, ama lisitishwe kwa uamuzi ulioandikwa. Kulisitisha si aibu. Orodha yenye kazi ambazo kila mtu anajua hazitafanyika huwafundisha watu kutoijali orodha nzima.

Uamuzi ukibadilika, tufanye nini na ule wa zamani?

Unabaki pale pale. Uamuzi mpya unautaja kwa namba. Ripoti ya mhandisi kwenye mfano wetu ilisema paa halifai kubebeshwa mzigo huo, ikapendekeza tangi likae chini kwenye msingi wa zege, maji yapandishwe kwa pampu. Kumbukumbu za Jumamosi, 7 Juni zikasema:

> KUMB 3/06/2025: Iliamuliwa kubadilisha KUMB 4/04/2025 kuhusu mahali pa tangi. Tangi litawekwa chini, nyuma ya jengo, kwenye msingi wa zege. Sababu: ripoti ya mhandisi (J15). Kikomo cha KSh 140,000 kinabaki hadi kotesheni mpya, zikiwemo za pampu, zijadiliwe. J17 inasubiri J21.

J21 ni B4 kuleta kotesheni mpya, kwa kuwa zile za Aprili zilikuwa za ufungaji wa juu ya paa. Mkazi yeyote akiuliza mwakani kwa nini tangi liko chini na ni nani aliyekubali umeme wa pampu ulipwe, njia yote inasomeka. Pingamizi la D3 pia linasomeka. Mjumbe aliyepinga anastahili hilo, na wenzake watamsikiliza vizuri zaidi siku nyingine.

Nusu ya maamuzi yetu hufanyika kwenye WhatsApp baada ya mkutano. Hayo nayo ni maamuzi?

Inategemea katiba ya kikundi chenu inasema nini kuhusu maamuzi nje ya mkutano na kuhusu akidi. Isiposema chochote, chukueni tahadhari. Alama za dole gumba chini ya ujumbe hazitoshi kuidhinisha pesa: hujui aliyeweka alama anakubali au anasema tu kwamba ameuona.

Njia inayofanya kazi ni katibu kuandika pendekezo kwa ujumbe mmoja unaojitegemea, wenye kiasi, akaunti na saa ya mwisho ya kujibu, na kila mwanakamati ajibu kwa maneno, "nakubali" au "nakataa". Matokeo yanaingia kwenye mkutano unaofuata chini ya kichwa "Maamuzi kati ya mikutano", na yanathibitishwa hapo. Ujumbe wa sauti usiupokee kama kura. Hakuna atakayeusikiliza upya mwaka ujao, na simu ikipotea nao umepotea.

Mtu akisema "mimi sikusema hivyo" wakati wa kuthibitisha?

Ndiyo kazi ya kuthibitisha. Wenzake wakikubali kwamba katibu alikosea, piga mstari mmoja juu ya maneno yale ili bado yasomeke, andika maneno yaliyo sahihi pembeni, na mwenyekiti na katibu watie saini za mkato hapo. Wasipokubali, kumbukumbu zibaki, na dai lake liandikwe kwenye kumbukumbu za leo. Mtu anaruhusiwa kurekebisha kile kilichoandikwa vibaya. Haruhusiwi kurekebisha kile alichosema kwa sababu amebadilisha mawazo. Kwa hilo alete hoja mpya.

Baada ya hapo kumbukumbu zinapendekezwa na kuungwa mkono na watu wawili waliokuwepo kwenye mkutano husika, kisha mwenyekiti na katibu wanatia saini na tarehe. Usitumie dawa ya kufutia maandishi, na usichane ukurasa.

Kuna haja ya kuandika nani aliondoka mapema?

Ndiyo, pamoja na saa. Ikiwa akidi yenu ni watu watano, na wawili kati ya sita waliokuwepo wakaondoka saa kumi na moja na robo, kila kilichoamuliwa baada ya hapo kinaweza kupingwa.

Benki imeturudishia kumbukumbu tulipotaka kubadilisha watia saini. Kwa nini?

Mara nyingi ni majina. Kumbukumbu zinasema "Mama Fulani" au jina la kanisani, na kitambulisho kinasema jingine. Kwa uamuzi wa benki andika majina kamili yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, jina kamili la akaunti, nani anaondolewa, nani anaingia, na jinsi ya kutia saini, kwa mfano wawili kati ya watatu, mmoja wao lazima awe mweka hazina. Uliza tawi lenu mapema wanataka nini, kwa kuwa kila benki ina fomu zake. Si lazima uwapelekee kumbukumbu nzima zenye mambo yenu ya ndani. Uliza kama watapokea dondoo ya uamuzi huo pekee, iliyotiwa saini na viongozi.

Tunaweza kurekodi sauti badala ya kuandika?

Kurekodi kunasaidia kuhakiki, hakuchukui nafasi ya kuandika. Hakuna atakayesikiliza saa mbili za sauti kutafuta tarehe moja. Kama mnarekodi, waambieni watu kabla ya kuanza na mkubaliane itafutwa lini. Sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Desturi nzuri ni kuifuta kumbukumbu zikishathibitishwa.

Tuandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kwa lugha ambayo wanakamati wote wanaisoma bila kutafsiriwa. Vyote viwili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Sheng ya mjadala igeuze iwe Kiswahili cha kueleweka, isipokuwa mtu ameomba maneno yake yaandikwe vile vile.

Namaliza muhula wangu wa ukatibu. Namkabidhi nini anayeingia?

Kaunta buku zote, faili ya kumbukumbu zilizotiwa saini, katiba ya kikundi, na umiliki wa jedwali la majukumu. Hili la mwisho linasahaulika. Jedwali likibaki kwenye akaunti yako binafsi ya barua pepe, siku ukiifunga akaunti hiyo linaondoka nayo. Lihamishie kwake au kwenye akaunti ya kikundi, na uhakikishe amelifungua kwenye simu yake mkiwa bado mmeketi pamoja.

Kisha pitieni pamoja kila jukumu lisilokwisha, ukimweleza yale ambayo hayakuandikwa: nani hujibu simu jioni tu, fundi yupi alishalipwa nusu, kotesheni ipi imepitwa na wakati. Makabidhiano yenyewe yaandikwe kwenye mkutano wa kwanza wa katibu mpya, yakitaja idadi ya vitabu na namba ya jukumu la mwisho lililotolewa, ili lake la kwanza liendelee kutoka hapo.